Kubandika Picha Kwenye Gumzo au Kuchagua Faili: Kinachotumwa Si Kitu Kimoja

"Nikifungua picha yangu kwenye kivinjari cha kompyuta, nikainakili na kuibandika kwenye kisanduku cha gumzo, inatokea kwa jina image.png na mara nyingi inakataliwa kwamba ni kubwa mno. Nikibonyeza alama ya kiambatisho na kuichagua faili yenyewe, ambayo ni JPEG ya megabaiti 4 tu, inapita bila shida. Njia hizi mbili zinatofautiana wapi, na nitumie ipi?"

Ukichagua faili kwa kitufe cha kiambatisho kwenye kompyuta, kivinjari hukipa kisanduku cha gumzo baiti zile zile zilizoko kwenye diski, bila kuongeza wala kupunguza hata moja. Ukinakili picha iliyokwisha kufunguliwa kisha ukaibandika, faili haisafiri kabisa. Kinachosafiri ni nukta za rangi zinazoiunda picha, yaani pikseli, ambazo hufungashwa upya katika faili nyingine ya PNG inayofanana na ile ya kwanza kwa sura tu. Kwa picha ya kamera kama hiyo yako, chagua faili. Kwa picha ya skrini, bandika. Kanuni hiyo hata hivyo ina mipaka yake, kwa sababu ipo namna ya kubandika ambayo ni sawasawa na kupakia, na ipo namna ya kupakia ambayo haitumi faili uliyodhani unaituma.

Tuanze na ukubwa, maana ndiyo shida iliyokuleta. Chukua picha ya kamera yenye upana wa pikseli 4000 na urefu wa pikseli 3000, jambo la kawaida kwa simu za siku hizi. Hizo ni pikseli milioni 12. Ili kivinjari kikuonyeshe picha hiyo, ni lazima kwanza kiifungue kutoka katika mbano wa JPEG na kuiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kila pikseli ikichukua baiti 4: tatu za rangi nyekundu, kijani na bluu, na moja ya kiwango cha uwazi. Kwa hiyo picha ambayo kwenye diski ni megabaiti 4, mbele ya macho yako imekwisha kuwa megabaiti 48. Unapobofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua `Copy image`, kinachowekwa kwenye ubao wa kunakili ni picha hii iliyofunguliwa, wala si faili ya JPEG iliyokuwa chanzo chake.

Unapobandika, kisanduku cha gumzo kinahitaji faili, si mrundo wa pikseli. Hapo picha hufungashwa kwa PNG. PNG hubana bila kupoteza chochote: kila pikseli inayoingia hutoka vile vile. JPEG hufanya kinyume chake, kwani hutupa taarifa ambazo jicho la mtu halizioni kwa urahisi, hasa mabadiliko madogo madogo ya rangi, na ndiyo maana iliweza kuishusha picha yako hadi megabaiti 4. PNG hupata nafuu pale tu inapokutana na mpangilio unaojirudia, kama eneo pana la rangi moja au mistari iliyonyooka. Picha ya kamera haina mpangilio huo, kwa sababu hata anga linaloonekana kuwa la buluu tupu lina chembechembe za tofauti zinazotokana na kihisi cha kamera. Matokeo yake ni kwamba picha ya pikseli milioni 12 iliyofungashwa kwa PNG kwa kawaida hufika megabaiti 15 hadi 20, na wakati mwingine huzidi. Kama gumzo lako limeweka kikomo, tuseme, cha megabaiti 10, faili ya awali inapita na nakala iliyobandikwa inakataliwa, ingawa ukiziweka kando kwa kando hutaona tofauti yoyote kati yake.

Hapa wengi hujichanganya. Huiona nakala iliyobandikwa ikiwa kubwa mara nne au tano wakadhani ina ubora zaidi. Haina. Taarifa zilizotupwa na JPEG hazikurudi. PNG imezihifadhi kwa uaminifu hata kasoro zilizoachwa na mbano wa kwanza, na imelipia uaminifu huo kwa megabaiti. Wala haina ubora pungufu, maana pikseli ni zile zile. Ubora hupungua baadaye, pale mfumo wa gumzo unapoipokea PNG hiyo kubwa na kuibana tena kuwa JPEG ili kuokoa nafasi, na hapo picha inakuwa imepita kwenye mbano wa kupoteza mara mbili.

Pengine utajiuliza kwa nini waliounda mifumo hii hawakuacha tu faili ya JPEG ipite. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba ubao wa kunakili ni mali ya mfumo mzima wa kompyuta, na programu itakayobandika haijulikani mapema. Inaweza kuwa programu ya kuchora, ya kuandika barua, au ya gumzo. Umbo ambalo karibu programu zote hulielewa ni picha iliyokwisha kufunguliwa, ndiyo maana hilo ndilo linalowekwa. Ya pili ni usalama. Faili ya picha iliyotoka mtandaoni inaweza kuwa imechongwa kwa makusudi ili kuiangusha programu itakayoifungua. Kivinjari kinapoifungua chenyewe na kuwapa wengine pikseli tu, hila iliyofichwa katika muundo wa faili haipiti. Kwa hiyo ufungashaji upya unaokukera ni ulinzi pia.

Jina `image.png` linatokana na jambo hilo hilo. Pikseli hazina jina. Kivinjari kinapoziundia faili mpya ni lazima kiipe jina lolote, na hilo ndilo lililozoeleka. Ukiona picha uliyobandika ina jina hilo, basi umetuma nakala iliyofungashwa upya. Ukiona jina lako la awali, kama `IMG_2041.JPG`, basi faili yenyewe ndiyo iliyokwenda. Hii ndiyo dalili ya haraka kuliko zote.

Ukitaka ushahidi zaidi ya jina, unaweza kukiuliza kivinjari chenyewe. Fungua kichupo kipya katika ukurasa wowote wa kawaida, bonyeza F12, uende kwenye sehemu iitwayo `Console`, kisha uweke msimbo huu:

```
document.addEventListener('paste', e => {
  console.log([...e.clipboardData.types].join(', '));
  for (const f of e.clipboardData.files)
    console.log(f.name, f.type, f.size);
}, true);
```

Chrome inaweza kukuzuia mara ya kwanza na kukutaka uandike `allow pasting` kabla ya kukubali msimbo uliobandikwa. Tahadhari hiyo ni ya haki, kwa kuwa watu wameibiwa akaunti kwa kubandika humo msimbo wasioujua. Huu hausomi chochote zaidi ya aina za vitu vilivyobandikwa, jina la faili, umbo lake na idadi ya baiti, wala haumtumii mtu. Baada ya kuuweka, bofya mahali patupu kwenye ukurasa ili uondoke kwenye kisanduku cha msimbo, kisha ubonyeze Ctrl+V.

Jaribu na picha ile ile kwa njia mbili. Kwanza ifungue kwenye kivinjari, uinakili kwa `Copy image`, kisha ubandike. Utaona jina `image.png`, umbo `image/png`, na idadi ya baiti inayozidi milioni 4 kwa mbali. Halafu nenda kwenye folda ambamo picha imehifadhiwa, ibofye mara moja tu bila kuifungua, ubonyeze Ctrl+C, urudi kwenye ukurasa na ubandike. Safari hii vivinjari vya sasa vitakuonyesha jina halisi, umbo `image/jpeg`, na ukubwa ule ule unaouona kwenye sifa za faili. Ulichofanya mara zote mbili kinaitwa kubandika, lakini mara ya pili ubao wa kunakili haukubeba pikseli, bali ulibeba mahali faili ilipo, na kivinjari kikaenda kuisoma pale pale kama ambavyo kingefanya kwa kitufe cha kiambatisho.

Kwa hiyo mpaka halisi haupo kati ya kubandika na kupakia. Upo kati ya kunakili picha iliyofunguliwa na kunakili faili. Mtu anayependa kibodi kuliko vitufe anaweza kuendelea kubandika maisha yake yote bila kukutana tena na shida yako, ilimradi anakili kutoka kwenye folda. Vile vile kuikokota faili kutoka kwenye folda na kuiangusha juu ya kisanduku cha gumzo ni kupakia kamili. Onyo moja tu: baadhi ya programu za gumzo hazijui kupokea faili kutoka kwenye ubao wa kunakili, na badala yake huandika jina la faili kama maandishi, au hazifanyi lolote. Hapo hakuna la kufanya ila kurudi kwenye kitufe. Tena zipo programu za kutazama picha ambazo, ukinakili ndani yake, huweka ubaoni vyote viwili, pikseli na faili, kisha programu inayopokea ikachagua inachokitaka. Ndiyo maana watu wawili wenye kompyuta zinazofanana wanaweza kubishana kuhusu jambo hili na wote wakawa wanasema kweli.

Ukubwa ni kero tu. Kinachopotea njiani ndicho chenye uzito zaidi. Faili ya picha ya kamera hubeba, pamoja na picha yenyewe, maelezo yanayoitwa Exif: tarehe na saa ya kupigwa, aina ya kamera, mpangilio wa lenzi, na kama umeruhusu, mahali ulipokuwa umesimama kwa vipimo vya GPS. Ukinakili pikseli unakuwa kama mtu aliyenakili barua kwa mkono: maneno ni yale yale, lakini bahasha, muhuri wa posta na tarehe yake havifuati. Kama unamtumia mtu picha ya ushahidi, kwa mfano ya mali iliyoharibika au ya hatua ya kazi iliyokamilika, na mpokeaji atataka kujua ilipigwa lini, nakala iliyobandikwa haitamwambia. Atapata tarehe ya faili mpya, yaani siku uliyoituma.

Lakini hasara hiyo hiyo ni faida kwa mwingine. Mtu anayetuma picha kwa kundi la watu asiowafahamu, huku faili ikiwa na vipimo vya mahali anapoishi, afadhali abandike pikseli. Mifumo mingi mikubwa ya gumzo huyafuta maelezo ya Exif yenyewe inapoibana picha, lakini si yote, na ile inayoruhusu kutuma picha kama hati kwa kawaida huiacha faili ilivyo, pamoja na maelezo yake yote. Kutegemea seva ya mtu mwingine ifute siri yako ni kuchelewa, kwa kuwa siri imekwisha kutoka kwenye mashine yako. Ukibandika pikseli, haitoki kabisa.

Mwaka 2023 tofauti hii ilijitokeza kwa namna ambayo wachache waliitarajia. Ilibainika mwezi Machi kwamba programu ya kuhariri picha za skrini kwenye simu za Pixel, na muda mfupi baadaye ile ya Windows, zilikuwa zikikata picha na kuihifadhi juu ya faili ya zamani bila kuifupisha faili hiyo. Picha mpya ilikuwa ndogo, ikaandikwa mwanzoni mwa faili, na mkia wa picha ya zamani ukabaki nyuma yake. Aliyeipata faili hiyo nzima aliweza kurejesha sehemu ya kile kilichokatwa. Kasoro hiyo ilipewa jina aCropalypse, ikarekebishwa, lakini faili zilizokwisha kutengenezwa hazikujirekebisha. Kwenye Windows, aliyekata picha kisha akainakili na kuibandika moja kwa moja bila kupitia faili hakuathirika, kwa sababu pikseli zilizokatwa hazikuwahi kuingia ubaoni. Aliyehifadhi, akakata, akahifadhi tena juu ya faili ile ile, kisha akaichagua na kuipakia mahali pasipoibana upya, alituma na mkia wake.

Vitu vingine viwili hupotea kwa kubandika pikseli. Picha za GIF zinazocheza hugeuka kuwa fremu moja iliyoganda, kwa sababu ubao wa kunakili hubeba picha moja iliyofunguliwa, wala si mfululizo wake. Ukiona mwenzako anasema picha yako haichezi, usiitafute kasoro kwenye gumzo. Ihifadhi kwanza kwenye diski kisha uichague. Cha pili ni uwazi. Nembo isiyo na mandharinyuma, ikinakiliwa kutoka kwenye programu inayotumia umbo la zamani la ubao lisilohifadhi uwazi, hutokea ikiwa imezungukwa na weusi au weupe. Dawa ni ile ile.

Ipo pia hali ambayo inawasumbua wengi na ambayo haihusiani na ukubwa hata kidogo. Ukirudi kwenye ule msimbo, utaona kwamba picha iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa mtandao kwa kawaida huja na vitu viwili: `Files`, ambayo ni zile pikseli, na `text/html`, ambayo ni kipande cha maandishi kinachosema picha hii inapatikana kwenye anwani fulani. Kisanduku cha gumzo kina hiari ya kuchukua kimojawapo. Vilivyotengenezwa vizuri huchukua pikseli. Vingine, hasa vile vinavyoruhusu herufi nzito na mistari ya orodha, huchukua maandishi na kuweka picha kwa kuirejelea anwani yake. Wewe unaiona vizuri, kwa kuwa umekwisha kuingia kwenye tovuti hiyo kwa nenosiri lako na kivinjari chako kinaruhusiwa kuifikia. Mwenzako anaona kisanduku kitupu chenye alama ya picha iliyovunjika. Na hata kama anaiona leo, siku mwenye tovuti atakapoiondoa, itatoweka pia ndani ya mazungumzo yenu.

Dalili ya hali hii ni kwamba picha hutokea katikati ya maandishi papo hapo, bila mstari wa maendeleo ya kupakia na bila jina la faili. Ukiibofya kulia na kuchagua `Copy image address`, kisha ukaibandika anwani hiyo mahali pa maandishi, utakuta ni ya tovuti ya awali badala ya kuwa ya mfumo wa gumzo. Ndugu wa kosa hili ni `Copy image address` yenyewe, ambayo hukaa jirani na `Copy image` kwenye menyu na hunakili maandishi matupu. Tena usibandike kwa Ctrl+Shift+V ukitarajia picha, maana mkato huo huomba maandishi yasiyo na mapambo, na picha si maandishi.

Majedwali ya hesabu yana kituko chao, na nakitaja kwa kupita. Baadhi ya programu za majedwali, ukinakili visanduku vichache, huweka ubaoni maandishi ya visanduku hivyo pamoja na picha yake. Gumzo linalopenda picha litakutengenezea kiambatisho cha `image.png` wakati wewe ulitaka namba tu. Hapo ndipo Ctrl+Shift+V inapofaa.

Sasa nije upande ambapo kubandika ndiko kunakostahili. Picha ya skrini haina faili ya awali. Inazaliwa ikiwa pikseli. Kwenye Windows ukibonyeza Win+Shift+S na kuchagua eneo, picha inakwenda ubaoni mara moja. Kwenye Mac, Control+Shift+Command+4 hufanya vivyo hivyo. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi kidogo ya milioni 2, na sehemu kubwa yake ni rangi tambarare na herufi zenye kingo kali, yaani chakula hasa cha PNG. Faili inayopatikana mara nyingi ni kilobaiti mia kadhaa tu, na kila herufi inasomeka. Mtu anayeihifadhi picha hiyo kama JPEG ili aichague baadaye anajitafutia ukungu kuzunguka herufi, kwa sababu JPEG haikubuniwa kwa kingo kali. Nimeona ujumbe wa hitilafu uliotumwa kwa namna hiyo ukiwa hausomeki kabisa, na anayeomba msaada akalaumiwa kwa kutotoa maelezo. Kubandika kungemaliza kazi kwa hatua mbili.

Isipokuwa usiigeuze njia hii kuwa mkato wa kutuma picha za kamera. Picha ya skrini ya picha ya kamera hubeba pikseli za skrini tu. Ile ya pikseli 4000 kwa 3000, ikionyeshwa nzima kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, haiwezi kuzidi 1440 kwa 1080, ambayo ni chini ya pikseli milioni 1.6 kati ya milioni 12. `Copy image` ndani ya kivinjari haina kasoro hiyo, kwani hunakili picha kwa ukubwa wake halisi hata kama imeonyeshwa ikiwa ndogo. Ila tovuti nyingi hukuonyesha kijipicha kilichopunguzwa hadi utakapokibofya, na hapo unanakili kijipicha, kwa kuwa hicho ndicho kilichopakuliwa.

Ubao wa kunakili una udhaifu mwingine wa kimaumbile, nao ni kwamba hushika kitu kimoja. Ukinakili picha, kisha ukanakili neno moja la kuandika chini yake, picha imekwisha kuondoka. Windows ina historia ya ubao inayofunguliwa kwa Win+V, lakini haihifadhi kitu kinachozidi megabaiti 4, kwa hiyo picha kubwa ya kamera haitakuwamo. Picha nyingi kwa pamoja ni kazi ya kuchagua faili, au ya kuchagua faili kadhaa kwenye folda na kuzinakili zote.

Kwenye simu mambo hugeuka kidogo. Huko kuchagua ndiko kwa kawaida, na kubandika kunategemea kama programu ya gumzo na kibodi zinaelewana. Lakini usidhani kwamba kuchagua picha kwenye simu ni lazima kutume faili ilivyo. Simu za iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, huweza kuhifadhi picha katika umbo la HEIC, ambalo tovuti nyingi hazilielewi. Unapochagua picha kutoka kwenye maktaba ya picha ili kuipeleka kwenye tovuti inayotaka JPEG, simu huitengenezea nakala ya JPEG na kuituma hiyo. Ukiihifadhi picha ile ile kwenye programu ya mafaili na kuichagua kutoka huko, HEIC yenyewe ndiyo itakayokwenda, na pengine itakataliwa. Kidirisha cha kuchagua picha cha simu hizo pia kina mahali pa chaguo ambapo unaweza kuzuia maelezo ya mahali yasiambatane na picha, jambo ambalo kitufe cha kiambatisho cha kompyuta hakikupi.

Yote haya yanahusu kinachotoka kwenye mashine yako. Kinachomfikia mwenzako ni habari nyingine, kwa sababu mifumo mingi ya gumzo huibana na kuipunguza picha baada ya kuipokea, iwe imebandikwa au imechaguliwa. Njia ya kujua ni moja: mwombe mpokeaji, au ufanye mwenyewe kwa akaunti ya pili, aipakue picha kutoka kwenye mazungumzo na kuangalia vipimo vyake na ukubwa wake kwenye sifa za faili. Kama ulituma 4000 kwa 3000 na ikafika 1600 kwa 1200, basi seva imeipunguza, na kubadili njia ya kutuma picha hakutasaidia. Hapo tafuta kama gumzo lina chaguo la kutuma kama hati. Kama halina, ifunge picha ndani ya faili ya ZIP na uichague hiyo, maana ZIP si picha na mfumo wa kubana picha hautaigusa.

Kwa picha yako ya megabaiti 4, basi, usiifungue. Nenda kwenye folda, ibofye mara moja, Ctrl+C, kisha Ctrl+V kwenye gumzo. Ikitokea kwa jina lake la awali, umemaliza. Ikitokea kama `image.png` au kama mstari wa maandishi, gumzo hilo halipokei faili kutoka ubaoni, na utalazimika kutumia kitufe cha kiambatisho.